UZI: "Biashara na majirani imepanda" haimaanishi tumefaidika

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, mjadala wa Afrika Mashariki hurudi na nyimbo mbili. Upande mmoja unasimama na karatasi ya takwimu: "Biashara yetu na majirani imepanda, kwa hivyo jumuiya inatufaa." Upande wa pili unajibu: "Majirani wanatumaliza, funga mpaka." Watu wanapiga makofi, kila mtu anaenda nyumbani na jibu alilokuja nalo.

2/ Shida ni kwamba pande zote mbili zinaangalia kitu kile kile, yaani malori mangapi yamepita Namanga au Malaba. Lakini lori kupita mpaka halikuambii kama nchi imepata au imepoteza. Swali lenyewe ni hili: kabla lori hili halijaanza kuja, hiyo bidhaa tulikuwa tunaitoa wapi? Twende polepole, nitatumia mchele kwa sababu kila mtu anaujua.

3/ Kwanza, umoja wa forodha ni nini? Ni makubaliano yenye sehemu mbili. Ya kwanza: nchi wanachama hazitozani ushuru wa forodha. Ya pili, na hapa ndipo wengi hupasahau: wote wanatoza ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje ya umoja. Yaani unamfungulia jirani mlango, na papo hapo unakubaliana naye ukuta wa mbele uwe na urefu gani.

4/ Sisi tulianza Januari 2005, Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi zikaanza kuutumia Julai 2009, na wengine wakafuata. Ushuru wa pamoja ulianza na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35. Pembeni kuna orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru wa juu zaidi.

5/ Mchele uko kwenye hiyo orodha nyeti. Ushuru wa pamoja ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, inayotozwa ni ile iliyo kubwa. Mchele wa Tanzania wenye cheti cha asili unaingia Kenya bila ushuru huo. Wa Pakistan unagonga ukuta. Shikilia hapo.

6/ Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano, nimechagua namba rahisi ili tusipotee. Kilo ya mchele wa nyumbani inagharimu shilingi 160 kuzalisha. Wa jirani unatufikia kwa 120. Wa mbali, kutoka Asia, unafika bandarini Mombasa kwa 100 kabla ya ushuru. Kwa hivyo wa mbali ndio wa bei nafuu kabisa, jirani ni wa pili, sisi ni wa mwisho.

7/ Hali ya kwanza. Tuseme kabla ya umoja tulikuwa tunatoza kila mgeni asilimia 75, jirani na wa mbali sawasawa. Wa mbali anakuwa 175. Jirani anakuwa 210. Wa nyumbani yuko 160. Tunakula nini? Mchele wa nyumbani, kwa sababu ndio wa chini dukani. Serikali haikusanyi hata senti ya ushuru, kwa kuwa hakuna mchele unaoingia.

8/ Tunaingia kwenye umoja. Jirani anaondolewa ushuru, anashuka hadi 120. Wa mbali anabaki 175. Sasa tunanunua kwa jirani. Tumeacha chanzo cha 160 tukaenda kwa chanzo cha 120. Nchi inatumia shilingi 40 pungufu kwa kila kilo ile ile. Hii ndiyo inaitwa kuunda biashara: biashara ambayo haikuwepo imezaliwa kwa sababu kuna mtu anayezalisha kwa gharama ndogo kuliko sisi.

9/ Najua kuna mtu tayari anaandika "na mkulima wetu je?" Ni kweli, ameumia. Ile 40 ni faida kamili ya nchi kama shamba lake na mikono yake vitapata kazi nyingine yenye maana. Vikikaa bure, faida inapungua. Tena mchele si mmoja. Pishori ya Mwea ina wateja wake wanaoilipia bei ya juu, kwa hivyo haishindani moja kwa moja na kila gunia linalovuka mpaka. Lakini mwelekeo wa hesabu ni huo.

10/ Hali ya pili. Bei za uzalishaji ni zile zile: 160, 120, 100. Kitu kimoja tu kimebadilika, kabla ya umoja tulikuwa tunatoza kila mgeni asilimia 35 badala ya 75. Sasa wa mbali anauzwa 135, jirani 162, wa nyumbani 160. Tunakula wa mbali. Na katika kila kilo ya 135, shilingi 100 zinaenda kwa muuzaji na 35 zinaingia Hazina.

11/ Tunaingia kwenye umoja. Jirani anashuka hadi 120 bila ushuru, wa mbali anabaki 135. Dukani tunahamia kwa jirani. Mwananchi anafurahi, amepunguziwa shilingi 15 kwa kilo. Mheshimiwa anapanda jukwaani: bei imeshuka, biashara na jirani imepanda! Na hadanganyi. Vyote viwili ni kweli.

12/ Lakini hebu angalia upande wa Hazina. Zile 35 za kila kilo zimekwisha. Mwananchi amepata 15, Hazina imepoteza 35. Ukijumlisha, nchi imepoteza 20 kwa kila kilo. Na hiyo 20 haijatoka hewani, ni tofauti ya 120 ya jirani na 100 ya wa mbali. Tumeacha muuzaji wa bei nafuu tukaenda kwa wa bei ghali, kwa sababu tu mmoja anatozwa ushuru na mwingine hatozwi.

13/ Hii ndiyo kuchepusha biashara. Ndiyo, kama mchepuko ule mwingine: nyumbani unaona unafurahia, bili inakuja baadaye. Ile 35 ilikuwa inalipa kitu, na serikali ikiikosa huku itaitafuta kule, pengine kwenye mafuta au kwenye payslipu yako. Mtu aliyeeleza tofauti hii vizuri kwa mara ya kwanza ni mchumi Jacob Viner, mwaka 1950. Kabla yake wengi walidhani kupunguza ushuru wowote ni faida tu.

14/ Ona jambo hili: lori ni lile lile, gunia ni lile lile, jirani ni yule yule. Kwenye hali ya kwanza tumepata, kwenye hali ya pili tumepoteza. Takwimu za mpakani zinafanana kabisa. Ndiyo maana nasema "biashara imepanda" peke yake haithibitishi kitu. Kinachoamua ni tulikuwa tunanunua kwa nani jana.

15/ Lakini haiishii hapo, kwa sababu bei ikishuka watu hununua zaidi. Turudi hali ya pili. Tuseme mtaa ulikuwa unanunua kilo 1,000 kwa bei ya 135. Bei ikishuka hadi 120, unanunua 1,100. Zile kilo 100 za nyongeza ni faida halisi, kuna watoto waliokuwa wanakula ugali kila siku sasa wanapata wali. Tunaihesabuje?

16/ Mtu wa kwanza kuongezeka alikuwa karibu kununua kwa 135, kwa hivyo amefaidi karibu 15 nzima. Wa mwisho amenunua kwa sababu bei imefika 120 kabisa, faida yake ni karibu sufuri. Wastani ni 7.50. Mara kilo 100, ni shilingi 750. Upande wa pili, kilo 1,000 za zamani zimetupotezea 20 kila moja, jumla 20,000. Toa 750, bado tumepoteza 19,250.

17/ Sasa badilisha kitu kimoja. Jirani si wa 120 tena, amejipanga, anatufikia kwa 102. Hasara ya kila kilo ya zamani ni 2 tu, jumla 2,000. Bei ya dukani imeshuka kwa 33, kwa hivyo mtaa unanunua kilo 1,220. Nyongeza ya 220 mara wastani wa 16.50 ni 3,630. Toa 2,000, tumepata 1,630. Biashara imechepuka, na bado nchi imefaidika!

18/ Kwa hivyo kanuni si "kuchepusha ni kubaya siku zote". Kanuni ni pengo. Kadiri gharama ya jirani inavyokaribia ya soko la dunia, ndivyo hasara inavyokuwa ndogo. Na kadiri ukuta wa nje ulivyo mfupi, ndivyo jirani wa bei ghali anavyokosa nafasi ya kujificha nyuma yake. Umoja wenye kuta ndefu unaweza kuwa na biashara nyingi ya ndani na bado uwe unawala wanachama wake.

19/ Turudi kwenye mchele wa kweli. Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaolima, kwa mbali sana. Ndiyo maana kwa miaka mingi tumekuwa tukiomba ruhusa ya jumuiya kutotumia ile asilimia 75, tukatoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani, iliyo kubwa. Ruhusa hutolewa kwa muda, kawaida mwaka mmoja, halafu tunarudi kuomba tena.

20/ Ukielewa hesabu ya juu, unaona mara moja ruhusa hiyo inafanya nini. Tuseme mvua imekataa na mchele wa jirani umepanda hadi 140. Ushuru ukiwa asilimia 75, wa mbali ni 175, tunalazimika kununua kwa jirani kwa 140 na Hazina haipati kitu. Ukiwa 35, wa mbali ni 135. Mwananchi analipa pungufu na Hazina inapata 35. Ruhusa hiyo ni njia ya kukataa biashara isichepushwe.

21/ Lakini ina gharama yake. Ukuta wa pamoja unageuka kuwa wa matundu. Mchele ulioingia nchi moja kwa ushuru mdogo haupaswi kuvuka kwenda kwa mwanachama mwingine kama vile umelimwa hapa, kwa hivyo lazima kila gunia likaguliwe asili yake. Na pale tofauti ya ushuru ni kubwa, kuna mtu atabadilisha gunia: mchele wa mbali, maandishi ya jirani. Mpaka tuliosema tunaufungua unarudi kuwa na karatasi nyingi.

22/ Sasa, kabla hatujalia sana, tujiangalie kwenye kioo. Kwenye mchele sisi ni mnunuzi. Kwenye bidhaa nyingi za kiwandani, sisi ndio tulikuwa jirani wa 120. Uganda kabla ya 2005 ilikuwa na ushuru wa ngazi za asilimia 0, 7 na 15. Kuingia kwenye umoja kulimaanisha kupandisha ngazi ya juu hadi 25. Mwenye kiwanda Kampala aliyekuwa analeta kitu kutoka Asia aliona ukuta unarefushwa, na nyuma ya ukuta yuko muuzaji kutoka Nairobi.

23/ Ndiyo maana Uganda ilidai orodha ya malighafi ambazo viwanda vyake vingeendelea kuagiza bila kubebeshwa ushuru mpya. Na ndiyo maana bidhaa fulani za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikienda Uganda na Tanzania, ukipungua mwaka hadi mwaka mpaka ukaisha 2010. Haikuwa roho mbaya. Walikuwa wamepiga hesabu hii hii, wakiwa upande wa pili wa meza.

24/ Na walikuwa na kumbukumbu. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na kinyongo hicho hicho: viwanda vingi viko Kenya, wengine wananunua kwa bei ya juu na kupoteza ushuru waliokuwa wakikusanya. Mkataba wa 1967 ulijaribu kutuliza kwa kuruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu bidhaa fulani za kutoka Kenya ili viwanda vyao vichanga vipumue. Haikutosha. Siasa na mambo mengine yakaongezeka juu yake, na 1977 jumuiya ikavunjika.

25/ Hapo ndipo swali la "wanachama wote kwa jumla" linaingia. Ile 20 tuliyopoteza kwenye mchele inaenda wapi? Kama mkulima wa jirani anatumia kweli 120 kuzalisha, imeteketea kwenye gharama, hakuna aliyeipata, umoja mzima ni maskini kidogo. Kama yeye anatumia 105 na kutuuzia 120, basi 15 ni faida yake, tumemhamishia. Umoja kwa jumla umepoteza 5 tu, lakini Kenya imepoteza 20.

26/ Kwa hivyo umoja unaweza kupata kwa jumla huku mwanachama mmoja akipoteza, na huyo mmoja ndiye atakayetoka siku moja akibamiza mlango. Ukihesabu, fanya safu mbili: moja ya umoja mzima, moja ya kila nchi. Mwanasiasa anayekupa safu moja tu amechagua ile inayompendeza.

27/ Basi utajuaje ukiwa umekaa na simu yako unatazama mdahalo? Swali la kwanza: wakati ununuzi kwa majirani ulipanda, ununuzi kutoka nje ya umoja ulifanyaje? Ikiwa vyote viwili vimekua kuliko uchumi wenyewe unavyokua, dalili ni ya kuunda biashara. Ikiwa wa ndani umepanda na wa nje umeshuka kwa bidhaa ile ile, shuku kuchepuka. Angalia bidhaa moja moja, maana jumla huficha mengi.

28/ Swali la pili: bei ya jirani na bei ya kufika bandarini kabla ya ushuru, zinatofautiana kwa kiasi gani? Hili ndilo pengo letu, ile 20 au ile 2. Usilinganishe bei za dukani, za dukani tayari zina ushuru ndani yake na zitakudanganya. Swali la tatu: mapato ya forodha ya bidhaa hiyo yalishuka kwa kiasi gani, na yalizibwa na kodi gani?

29/ Swali la nne: serikali zinaomba ruhusa ngapi za kukwepa ushuru wa pamoja, na kwa bidhaa zipi? Orodha hiyo huchapishwa kwenye gazeti rasmi la jumuiya karibu na mwaka mpya wa fedha. Kila nchi inapoomba kukwepa ukuta, inakiri kwa maandishi kwamba ukuta huo unaiumiza hapo. Binafsi naiona orodha hiyo ya kweli kuliko hotuba yoyote.

30/ Na mipaka ya hesabu hii uijue. Inapima leo, haipimi kesho. Kiwanda kinachouzia nchi nane kinaweza kushusha gharama kwa sababu kinazalisha kwa wingi, jirani wa 120 akawa wa 102 baada ya miaka kumi. Hiyo ni hoja halali. Lakini anayeitoa ana deni: atuonyeshe gharama inashuka kweli. Ikiwa miaka kumi imepita na bado ni 120, alikuwa anatuuzia ukuta.

31/ Kwa hivyo mtu akisema "tufunge mpaka", mwulize tutarudi kula mchele wa 160 au wa mbali wenye ushuru, na ushuru kiasi gani? Na akisema "biashara imepanda", mwulize imepanda kutoka kwa nani. Wote wawili wakikosa jibu, basi mdahalo haujaanza bado. Bidhaa gani nyingine mngetaka tuipigie hesabu hivi? Sukari, maziwa, mafuta ya kupikia? Andikeni hapo chini.